Bure, kwa mwezi au lipa kadri unavyotumia: hesabu ya saluni moja ya Tabata

Wiki iliyopita rafiki yangu mwenye saluni pale Tabata alinitumia skrinshoti tatu mfululizo, halafu chini akaandika "niambie ipi nichukue nimechoka kusoma". Ya kwanza ilikuwa WhatsApp Business ambayo anayo tayari na hailipiwi. Ya pili ni mfumo wa kupanga miadi ya wateja, unalipia kila mwezi na ndani yake kuna SMS za kuwakumbusha. Ya tatu ni kampuni ya kuuza SMS za jumla, unanunua idadi unayotaka, zikiisha unanunua tena. Na juu ya hayo yote kuna mtu alishamwambia kuwa "WhatsApp sasa inalipiwa", kwahiyo akawa hajui hata hiyo ya bure ni ya bure kweli au anasubiriwa azoee tu.

Maswali ya hivi nayakuta kila siku kwa watu wa biashara ndogo na kwa mafrilansa wenzangu. Mimi nabuni nembo na vipeperushi, na huduma za mtandaoni ninazotumia kazini ni nyingi, kwahiyo nimeshalipia visivyohitajika na nimeshang'ang'ania vya bure muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Ngoja tuichambue kwa kutumia saluni hii hii, maana namba zake ninazo.

Kwanza tuelewane maneno. Chukulia umekuja mjini unatafuta pa kulala. Kifurushi cha bure ni kulala sebuleni kwa shangazi. Hulipi kodi, ni kweli, na anaweza kukukalisha hata miaka mitano, ila mlango unafungwa saa nne usiku, wageni hawaruhusiwi, na begi la pili hakuna pa kuliweka. Kifurushi cha mwezi ni chumba cha kupanga, unalipa kodi ulale usilale, hata ukisafiri wiki tatu mwenye nyumba hakurudishii kitu. Kulipa kadri unavyotumia ni gesti, umelala usiku mbili unalipa mbili, hujalala hudaiwi. Hakuna kati ya hizo ambayo ni nzuri au mbaya peke yake. Anayekuja mjini mara moja kwa mwezi kupanga chumba ni kupoteza hela, na anayeishi mjini kulala gesti kila siku atafilisika.

Kuna na kitu cha nne ambacho watu wanakichanganya na cha bure, nacho ni majaribio. Majaribio ni siku 7 au 14 au mwezi, unapewa kila kitu, na mara nyingi wanataka namba ya kadi mapema. Siku zikiisha kadi inakatwa bila kukuuliza tena. Cha bure chenyewe hakina tarehe ya mwisho, kina mipaka. Ukiona wanakuomba kadi kabla hujaanza, soma imeandikwa itakatwa tarehe ngapi na uiweke kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla.

Sasa twende saluni. Ana wateja 310 kwenye daftari, wenye majina na namba. Hitaji lake ni moja tu: mteja aliyesuka, baada ya wiki sita hivi akumbushwe kurudi, na mara moja kwa mwezi watu wote wapate tangazo la siku za katikati ya wiki ambazo viti vinakaa wazi. Basi. Hakuhitaji ripoti wala grafu. Mimi huwa nasisitiza watu waanze hapa, waandike hitaji kwa sentensi moja kabla hawajaangalia bei yoyote, maana ukianzia kwenye ukurasa wa bei utajikuta unataka vitu vyote vyenye tiki ya kijani.

Akaanza na cha bure. WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ile aplikesheni ya kwenye simu haina malipo ya kuitumia. Ina katalogi, ina majibu ya haraka, ina lebo za kutenganisha wateja. Kwa kuongea na mteja mmoja mmoja haina mpinzani. Kinachosemwa kuwa "imeanza kulipiwa" ni kitu kingine kabisa, ni ule mlango wa makampuni, pale benki au duka kubwa linapounganisha mfumo wake wa kompyuta na WhatsApp ili meseji zitoke zenyewe. Huko tangu tarehe 1 Julai 2025 wanatoza kwa kila meseji ya matangazo inayofika, wakati kumjibu mteja aliyekuandikia ndani ya saa 24 hakutozwi. Saluni yenye simu moja haiko kwenye mlango huo.

Ila mipaka ya sebuleni kwa shangazi ipo. Orodha moja ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256, kwahiyo wateja 310 ni orodha mbili, hilo sio tatizo. Tatizo ni kwamba meseji ya orodha inamfikia yule tu aliyeiseivu namba yako. Na mteja wa saluni wengi wao hawajaiseivu, wanakukumbuka kwa uso na kwa mtaa. Unajuaje kama imekupata hii? Fungua ile meseji uliyotuma kwa orodha, ibonyeze kwa muda halafu angalia taarifa zake, utaona majina yaliyofikiwa na waliobaki. Wa kwake tulipoangalia, tangazo la watu 180 lilikuwa limewafikia 61. Miezi yote hiyo alikuwa anaamini anatangaza kwa watu 180 na kwamba wateja tu ndio hawaji.

Hapo ndipo pa kuamua kuondoka kwenye cha bure: siku mpaka wake unapokata lile hitaji uliloliandika kwa sentensi moja. Watu wengi wanaondoka kwa sababu wanaona aibu kutumia cha bure, wanadhani mteja akijua hatawachukulia siriasi, lakini mteja wa saluni hajui na hajali unatumia nini, anachojua ni kwamba amekumbushwa au hajakumbushwa.

Tukaja kwenye SMS za kununua kwa idadi. Hii ndiyo gesti. Na hapa kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu kinamkuta, hata mimi kilinikuta, kwahiyo nitakaa nacho kidogo. Kwenye malipo ya kadri unavyotumia lazima ujue wanahesabu nini. Sio jina la kipimo, kipimo chenyewe. Ukisikia "SMS moja" unafikiria ujumbe mmoja kwa mtu mmoja. Wenzio wanahesabu vipande.

Kipande kimoja cha SMS kinabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi hapo ujumbe unagawanywa, na kila kipande kinabeba 153 kwa sababu kuna sehemu inachukuliwa na maelezo ya kuviunganisha. Hiyo ni kama umetumia herufi za kawaida. Ukiweka herufi hata moja ambayo haimo kwenye orodha fupi ya SMS, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo wa uandishi, na kipande kinashuka mpaka herufi 70, vikiwa vingi ni 67 kila kimoja. Na imoji haimo kwenye hiyo orodha.

Angalia ujumbe wake aliotaka kutuma:

```
Habari dada, ni saluni yako ya Tabata. Wiki 6 zimepita tangu usuke. Jumanne hadi Alhamisi hakuna foleni. Piga namba yetu tukupangie muda. Karibu sana.
```

Hizo ni herufi 150, kipande kimoja. Yeye mwishoni alikuwa ameweka nafasi na kale kamoyo ka pinki. Nafasi ni moja, kamoyo kanahesabiwa mbili, jumla 153, na kwa sababu ya kamoyo kila kipande sasa ni 67. Gawanya, vinatoka vipande vitatu. Tuseme SMS ni shilingi 25, wateja 310 bila kamoyo ni shilingi 7,750. Na kamoyo ni shilingi 23,250. Kwa tangazo lile lile.

Na kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe ambao huko kwingine hawauongelei, ile alama ya kwenye ng'. Ukiandika "ung'are" kwa alama iliyonyooka hakuna shida. Ila simu nyingi na programu za kuandikia zinaigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda kama koma ya juu, na iliyopinda haimo kwenye orodha. Hutaona tofauti yoyote ukisoma, utaiona kwenye salio. Mimi mwaka juzi niliandika salamu za sikukuu kwa wateja wangu, nikaiandika vizuri kwenye kompyuta nikakopi nikapesti, na salio likaisha nikiwa nimefikia theluthi ya orodha. Nilidhani nimeibiwa. Nikahesabu usiku ule herufi moja moja ndipo nikaona kakoma kamoja. Dawa yake ni kuandika moja kwa moja kwenye boksi la mfumo wenyewe, kwa kawaida pembeni kuna kihesabio kinachosema herufi ngapi na vipande vingapi, halafu jitumie mwenyewe moja kwanza na uangalie salio limepungua ngapi.

Kitu kingine cha kujua kabla: ujumbe unaotoka kwa jina la biashara badala ya namba mteja hawezi kuujibu. Ndio maana kwenye ujumbe tukaandika "piga namba yetu" na sio "jibu NDIYO". Na hilo jina linasajiliwa kwanza, haliji siku hiyo hiyo, kwahiyo usinunue Ijumaa ukitegemea kutangaza Jumamosi.

Sasa hesabu yenyewe ya kulinganisha, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua bei ya mwezi, gawanya kwa bei ya kipimo kimoja, unapata idadi ambayo ukiifikia ndipo kifurushi cha mwezi kinaanza kuwa nafuu. Ule mfumo wa miadi tuseme ni shilingi 30,000 kwa mwezi, SMS ni 25, unapata 1,200. Swali linabaki moja, saluni yake inatuma ngapi?

Wateja 310 kila mmoja akumbushwe mara moja kwa wiki sita, hiyo ni kama watu 52 kwa wiki, kwa mwezi kama 222. Ongeza tangazo moja la watu wote 310, jumla 532. Mara 25 ni shilingi 13,300. Mbali sana na 30,000. Akaniuliza, na Desemba je, maana Desemba anataka kutangaza mara tatu? Vizuri, 222 jumlisha 930 ni 1,152, sawa na shilingi 28,800. Hata mwezi wake mkubwa kuliko yote haujafika 1,200, na Desemba ni moja kwa mwaka. Februari akiwa amekaa kimya analipa kidogo, wakati kifurushi cha mwezi kingedai 30,000 ile ile wakati saluni haina watu.

Hapo nikamwambia ukweli wa upande wa pili pia, maana yule muuzaji wa mfumo sio tapeli. Anachouza hasa ni kalenda, SMS ni nyongeza. Kama saluni ingekuwa na wasusi watano na kila mmoja anachukua miadi kwenye simu yake, watu wawili wakapangiwa kiti kimoja saa ile ile, mteja mmoja akaondoka na hasira, basi hiyo 30,000 inajilipa kwa wateja wawili waliookolewa kwa mwezi. Lakini ana viti viwili na daftari moja mezani na daftari halijawahi kumgonganisha. Akiongeza viti tutapiga hesabu upya.

Msichukue saluni mkasema lipa kadri unavyotumia ndiyo nafuu siku zote. Hebu weka mpiga picha wa harusi mahali pake. Picha moja mbichi, ambayo haijasafishwa, kutoka kwenye kamera za kazi ni kama MB 25, harusi moja anarudi na picha 1,500, hiyo ni GB 37.5. Nafasi ya bure ya akaunti ya Google ni GB 15, na hizo 15 zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, yani harusi moja tu haienei. Na mpaka huu unauma mahali usipotegemea, kwa sababu nafasi ikijaa kabisa Gmail inaacha kupokea barua pepe, kwahiyo mteja anayetaka kukupa kazi anaandika na barua inarudi kwake. Wewe huoni chochote, unaona tu wiki imekuwa kimya.

Tofauti ya huyu na saluni ni kwamba SMS inatokea na kuisha, lakini faili linakaa. Kitu kinachokaa kinadai chumba. Huwezi kulipia gesti picha ambazo bibi harusi anaweza kuziulizia baada ya miaka mitatu. Kwahiyo mpiga picha kifurushi cha mwezi kinamfaa, ila hata yeye sio lazima apangishe nyumba nzima. Wengi wanaojua kazi hii wanaweka picha mbichi kwenye diski mbili za nje, moja studio na moja nyumbani, mtandaoni wanaweka zile 300 zilizosafishwa za kumkabidhi mteja, ambazo zikiwa za MB 8 ni GB 2.4 tu. Hapo kifurushi kidogo cha GB 100 kinambeba harusi nyingi badala ya mbili.

Nirudi kwenye gesti, kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Kuna ya kulipia kabla na ya kulipia baada. LUKU ni ya kabla, uniti zikiisha taa inazima, inakera lakini hudaiwi kitu. Maji ya bili ni ya baada, bomba likipasuka chini ya sinki usiku kucha utajua mwisho wa mwezi. SMS nyingi za jumla ni kama LUKU, na kakoma kangu kangekuwa kwenye mfumo wa bili ningelipa orodha nzima mara tatu. Kwahiyo biashara ndogo mimi naishauri ya kabla kila inapowezekana, hata kama ya baada ina bei ndogo kidogo kwa kipimo.

Mafrilansa wanaotengeneza tovuti wanaikuta ya bili kwenye huduma za seva za kina Amazon na Google Cloud. Wanaweka kadi, wanaweka bajeti ya dola 20, wanalala usingizi. Lakini ile bajeti kwa kawaida ni kengele tu, inakutumia barua pepe kuwa umefika 20, haizimi kitu, huduma inaendelea na bili inaendelea. Kama unataka ikate lazima uitengenezee mpango wa kukata wewe mwenyewe, au utumie kadi ya mtandaoni ya pesa ya simu yenye kiasi kidogo ndani, ingawa hata hivyo deni linaweza kubaki limeandikwa kwenye akaunti yako. Kwa tovuti ya mteja mdogo, sehemu ya kuhifadhi tovuti yenye bei moja ya mwaka inatosha kabisa na hutashtuka.

Na kuhusu bei za dola, kabla hujagawanya chochote igeuze kwa bei ambayo kadi yako inakata kweli, sio ile ya kwenye habari, na angalia kama VAT imo au inaongezwa mwishoni. Ofa ya mwaka mzima kwa bei ya miezi kumi nayo ni hesabu ile ile, unafaidi ukiitumia zaidi ya miezi kumi, na huduma ambayo hujaitumia hata miezi mitatu huwezi kujua hilo. Mimi nalipa mwezi mwezi mpaka robo mwaka ipite ndipo nafikiria ya mwaka.

Mwisho wa siku rafiki yangu amebaki na WhatsApp ile ile ya bure kwa kujibu wateja na kuonyesha mitindo, na amenunua SMS 1,000 za kulipia kabla, baada ya kuuliza kwanza kama zina tarehe ya kuisha, maana kuna zinazoisha kama bando na yeye angebaki nazo nusu. Kamoyo kametolewa kwenye SMS, kako kwenye WhatsApp ambako hakalipiwi. Na kwenye jalada la daftari amechora safu mbili, mwezi na SMS zilizotumika, akifika karibu na 1,200 miezi miwili mfululizo atampigia yule wa mfumo wa miadi. Mpaka jana safu ya SMS ilikuwa imeandikwa 287.